Mume anasema sheria hainiruhusu kumfuata Uingereza. Je, ananikimbia?

Nimeisoma barua yako ya kurasa nne, na nimeona pale ulipoandika neno "ananikimbia" ukalikata, kisha ukaliandika tena kwa herufi kubwa zaidi. Basi tuanzie hapo hapo.

Unasema wewe ni fundi cherehani wa hapo Old Korogwe, na mumeo ni mwalimu wa sekondari. Amepata ufadhili wa Chevening na Septemba anakwenda Leeds kusoma shahada ya uzamili ya mwaka mmoja. Ulipomuuliza mtamfuata lini, alijibu kwa kifupi kwamba sheria imebadilika, wake na watoto hawaruhusiwi tena. Lakini wewe unamfahamu mke wa mwalimu mwenzake wa Manundu aliyemfuata mumewe mwaka 2022. Leo anatuma picha akiwa na sare ya nyumba ya kulelea wazee. Ukajumlisha moja na moja ukapata kwamba mwanaume ameshaona njia ya kutoroka familia. Halafu akatokea wakala wa pale stendi akasema kwa milioni mbili atakupeleka wewe na watoto wote wawili, na makaratasi atayashughulikia yeye.

Mwanangu, mumeo hajakudanganya. Amesoma nusu ya sheria, akasimama hapo. Nusu aliyoisoma ni ya kweli, na inaeleza kwa nini yule mke wa mwalimu wa Manundu alikwenda na wengine wa leo wanakwama. Mwaka 2022 mwanafunzi yeyote wa uzamili aliyeanza kozi yenye muda wa kutosha kule Uingereza aliweza kumwombea mkewe na watoto viza ya wategemezi. Mei 2023 serikali yao ilitangaza kufunga mlango huo, na kwa kozi zilizoanza tarehe 1 Januari 2024 na baada ya hapo, ukafungwa kweli. Sasa anayesoma uzamili wa kukaa darasani, wenye vipindi, mitihani na tasnifu fupi mwishoni, kwa pesa yake mwenyewe au ya wazazi, anakwenda peke yake. Hata ndoa yake iwe na miaka thelathini na cheti kimetundikwa ukutani, hakimsaidii kitu.

Walioachiwa mlango ni wa aina mbili. Wa kwanza ni wanaosoma uzamivu, au uzamili ambao sehemu yake kubwa ni utafiti. Wa pili ni mwanafunzi ambaye masomo yake yanalipiwa kikamilifu na serikali, iwe ya Uingereza au ya nchi nyingine, kwenye kozi ya kutwa inayozidi miezi sita. Chevening ni ufadhili wa serikali ya Uingereza, unalipa ada na posho ya kujikimu. Kwa hiyo mumeo, ingawa kozi yake ni ya darasani, anaangukia kundi la pili. Mlango wako uko wazi.

Unaona sasa swali lenyewe liko wapi? Maofisa wa viza wataanza na mambo mawili yanayomhusu yeye, anasoma nini na nani analipa, ndipo wafike kwenye ndoa yenu. Majibu yamo kwenye karatasi mbili alizonazo tayari, barua ya ufadhili na hati ya chuo yenye namba wanayoiita CAS. Jioni moja akiwa ameshiba, mwombe mzisome pamoja. Usiende na mashitaka. Mwambie tu, "Baba, nimesikia wanaolipiwa na serikali wanaruhusiwa, hebu tuangalie." Kama uso wake utafurahi, umepata jibu la swali lako la kwanza. Kama utaanguka, pia umelipata, na hilo tutaliongelea kwa barua nyingine.

Kuhusu kazi nina habari njema kwako, tena nzuri kuliko za mumeo. Yeye mwanafunzi ataruhusiwa saa 20 tu kwa wiki wakati wa muhula, na haruhusiwi kujiajiri. Wewe mke wake, kwa kozi kama hii, unaruhusiwa kazi karibu yoyote kwa saa zozote, isipokuwa kuwa mwanamichezo wa kulipwa au kocha, na sidhani kama ulikuwa na mpango huo. Kazi ya kulea wazee imo. Kushona nguo nyumbani na kuuza nako kumo, maana wewe huzuiwi kujiajiri. Kuanzia Aprili 2025 kima cha chini cha mshahara kwa mwenye miaka 21 na zaidi kilikuwa pauni 12.21 kwa saa, na hapo ndipo picha za yule mwenzako wa Manundu zinapopata ladha. Halafu ile hofu yako ya Kiingereza cha kuombea maji, iache. Mtegemezi wa mwanafunzi hafanyi mtihani wa lugha ili apewe viza. Mtihani utaupata kwa mwajiri, hapo sikufichi.

Ila huyo wa Manundu hajakutumia picha ya mambo mawili. Viza yako itaning'inia kwenye ya mumeo, inakwisha siku inapokwisha yake, na akiacha masomo na yako imekwisha. Kisha kuna mtoto wako wa miaka mitatu. Hapo Old Korogwe ukiwa na tenda ya sare za shule, anabaki kwa bibi yake au kwa jirani. Leeds hakuna bibi. Shule ya serikali mtoto anaanza karibu na miaka mitano na hailipiwi, lakini wa miaka mitatu atapata saa chache tu za chekechea bila malipo kwa wiki, na zinazobaki utazilipa wewe. Misaada mingi wanayopewa wazazi wa kule, kwako imefungwa, viza yenyewe itaandikwa hivyo. Kwa hiyo unapopiga hesabu ya mshahara, anza kwa kujiuliza nani atamshika mtoto saa kumi na mbili asubuhi.

Sasa pesa, na hapa ukae vizuri kwenye kiti.

Chevening inamlipia mumeo viza, tiketi na posho. Familia hailipiwi hata senti. Kwa kuwa barua ya ufadhili haitasema inawagharimia na ninyi, kila mtegemezi lazima aonyeshe pesa yake ya kujikimu. Nje ya London ni pauni 680 kwa mwezi, kwa miezi 9, yaani pauni 6,120 kwa kila kichwa. London ni 845, basi shukuru ni Leeds. Wewe na mtoto mdogo tu mnahitaji kuonyesha pauni 12,240. Tukichukulia pauni moja ni shilingi 3,300, hiyo ni milioni 40 na ushei. Mtoto mkubwa akiongezeka, inapanda kupita milioni 60.

Hizo ni za kuonyesha, bado zitabaki zenu za kuishi. Zipo za kutoa zisirudi. Ada ya viza mwaka 2025 ilikuwa pauni 524 kwa kila mmoja, mtoto kama mtu mzima. Juu yake kuna tozo ya afya, pauni 776 kwa mwaka kwa wanafunzi na wategemezi wao. Usidhani kozi ya mwaka mmoja ni tozo ya mwaka mmoja. Anayesoma miezi 12 kwa kawaida hupewa viza inayoanza mwezi mmoja kabla ya masomo na kwisha miezi minne baada yake, kwa hiyo mnahesabiwa mwaka na nusu, pauni 1,164 kwa kila mmoja. Wewe na mdogo mtalipa viza na tozo jumla ya pauni 3,376, kama milioni 11, kabla hamjanunua tiketi.

Umeniandikia kwamba mna shamba la ekari tano kuelekea Mombo, na kwamba kaka yako wa Dar es Salaam ana pesa. Shamba halihesabiki, hata likiwa na hati na mkonge umesimama. Pesa iliyo kwenye akaunti ya kaka nayo haihesabiki. Wanataka iwe kwenye akaunti ya benki yenye jina lako au la mumeo, na ya mtoto iwe kwa mzazi wake. Iwe imekaa humo siku 28 mfululizo bila kushuka hata siku moja chini ya kiwango. Taarifa ya benki isiwe na zaidi ya siku 31 siku unayotuma maombi. Hapa ndipo watu wengi wanakwama. Pesa ipo, siku ya ishirini mtu anatoa laki tano za msiba, salio linapungua chini ya kiwango, na hesabu inaanza upya. Za kikoba zilizo ndani ya sanduku hazina taarifa ya benki, kwa hiyo mapema zihamie benki. Na kama kaka anakupa, akupe kweli, ziingie kwako na ziwe zako, na kuwe na karatasi ya kueleza zilikotoka, maana milioni arobaini zinazotua ghafla kwa mshona nguo zitaulizwa.

Wakala wako wa stendi, nina hakika, atakwambia usijisumbue, atakuwekea hizo pesa kwa mwezi mmoja kisha azichukue, au atakuchapishia taarifa ya benki. Mwanangu, maofisa wa viza huwa wanaipigia benki. Wakikuta karatasi ya uongo, hawakunyimi viza ya leo peke yake. Unaweza kufungiwa miaka kumi. Mumeo atakuwa amerudi, amepanda cheo na kukaribia kustaafu, wewe bado umefungiwa kwa ajili ya karatasi ya mtu ambaye hata jina lake kamili hulijui.

Tuje kwenye ndoa. Mlifunga msikitini mwaka 2019 na mna cheti cha BAKWATA. Ni ndoa halali kabisa kwa Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971. Lakini ofisa wa viza hamjui shehe wenu, anataka kuona kwamba ndoa imesajiliwa na mamlaka ya nchi. Nenda ofisi ya Mkuu wa Wilaya ya Korogwe uulize kama nakala ya ndoa yenu ilifikishwa kwa msajili, na kama haikufika, mkamilishe usajili mpate cheti cha RITA. Kazi hiyo uianze wiki hii, kwa sababu haikimbiliki. Cheti chochote kilichoandikwa kwa Kiswahili kinaambatana na tafsiri kamili ya Kiingereza yenye jina, saini na mawasiliano ya mfasiri.

Vijiherufi navyo usividharau. Kwenye barua yako umeniandikia jina lako kwa namna moja juu na namna nyingine chini, na nikacheka, maana nina uhakika cheti cha ndoa kina namna ya tatu. Kitambulisho cha NIDA, pasi ya kusafiria, cheti cha ndoa na vyeti vya kuzaliwa vya watoto vilaze mezani vyote pamoja, usome herufi kwa herufi. Palipo na tofauti, rekebisha mapema, au kiapo cha mahakama kieleze kwamba majina yote ni ya mtu mmoja. Picha za harusi na ujumbe wenu wa simu weka pembeni, vinasaidia wakiuliza kama mnaishi pamoja kweli, lakini havishiki nafasi ya cheti. Kisha kuna kipimo cha kifua kikuu, ambacho mkazi wa Tanzania anatakiwa kukifanya kwenye kliniki waliyoiidhinisha wao, Dar es Salaam. Cheti chake kinadumu miezi sita. Cha hospitali ya kwenu hapo Korogwe, hata kiwe na mihuri kumi, hakikubaliki.

Nimekuja kwa mtoto wako wa kwanza mwishoni, kwa sababu ndiye aliyeninyima usingizi.

Ana miaka kumi na moja, ulimpata kabla ya ndoa hii, na baba yake yuko Handeni. Unasema baba huyo ni mtu mwema, analipa ada, siku ya Idi anamchukua, na yuko tayari kuandika barua ya ridhaa mtoto asafiri. Umemalizia kwa kusema, "kwa hiyo huyu hana tatizo." Mwanangu, huyu ndiye mwenye tatizo, na wema wa baba yake ndio unaolileta.

Mtoto wa mke anahesabiwa kuwa mtegemezi wa mwanafunzi, hilo halina ubishi, na yuko chini ya miaka 18. Lakini sheria yao inataka wazazi wote wawili wa mtoto wawe wanakwenda au wawe tayari wako Uingereza. Anayeombewa na mzazi mmoja anapita kama mwingine amefariki, au kama huyu mmoja ndiye amebeba malezi yote peke yake, au kuna sababu nzito isiyo ya kawaida. Malezi ya peke yako maana yake ni wewe tu unayeamua shule, tiba, dini na makazi, na mwingine kajitoa. Baba anayelipa ada na kumchukua Idi hajajitoa. Risiti zake za ada, ambazo unazihifadhi kwa heshima, zinathibitisha kinyume cha unachotaka kuthibitisha. Barua ya ridhaa inaonyesha tu kwamba hapingi safari, na pengine itakusaidia kumpatia mtoto pasi ya kusafiria. Kigezo cha wazazi wawili inakiacha pale pale.

Kuna mtu atakunong'oneza ukatafute cheti kipya cha kuzaliwa chenye jina la mumeo wa sasa kama baba. Usithubutu. Cheti cha zamani kimo kwenye kumbukumbu za RITA, kwa hiyo kutafuta kingine ni kughushi, na tumeshaongea habari ya miaka kumi. Zaidi ya hapo, utakuwa umemfuta baba aliye hai kwa ajili ya safari ya mwaka mmoja, na mtoto wa miaka kumi na moja anasoma cheti chake mwenyewe.

Kwa hiyo uamuzi ulio mbele yako ni tofauti na ule ulioniandikia. Uliniuliza kama mumeo anakukimbia. Ninalokuuliza mimi ni hili: uko tayari kwenda Leeds na mdogo, na mkubwa abaki, kwa bibi yake au kwa baba yake Handeni? Hakuna sheria ya kukujibia hilo. Yupo mama atakayesema ndiyo, mwaka ni mfupi na pesa itakayopatikana itamsomesha huyo huyo anayebaki. Yupo atakayesema mtoto wa umri ule akiachwa wakati mdogo wake amepelekwa, hasahau. Wote wawili ni mama wazuri. Muulize mtoto naye, ana umri wa kusema.

Nikiwa ndiye mimi, na hapa unaweza kunikatalia, ningepima hivi. Chevening inamtaka mumeo arudi nyumbani na kukaa angalau miaka miwili baada ya masomo. Huyu si mtu anayekwenda kuhamia. Kama milioni arobaini zipo kweli, za kwenu, bila kuuza shamba, nendeni mkaone dunia, ufanye kazi, urudi na cherehani ya kisasa. Kama zitapatikana kwa kuuza shamba au kukopa, sioni faida. Utaanza kazi mwezi wa pili au wa tatu, nusu ya mshahara itaishia kwa mlea mtoto, na mwaka utakuwa umekwisha kabla deni halijashuka. Tena si lazima muombe siku moja. Anaweza kutangulia Septemba, apate nyumba, aone bei, nawe ukaomba baadaye ukiwa umekamilisha vyeti na siku zako 28, ingawa tarehe ya mwisho ya viza yako itabaki ile ile ya kwake. Upo pia uwezekano wa kumtembelea kwa viza ya wageni, ambayo ni hadi miezi sita, lakini kwa hiyo hufanyi kazi hata ya saa moja.

Anza na karatasi mbili za mumeo, kisha ofisi ya Mkuu wa Wilaya kwa cheti cha ndoa. Viwango vya ada vithibitishe kwenye tovuti ya serikali ya Uingereza, gov.uk, siku ile ile utakayotaka kulipa, kwa sababu huwa wanavipandisha. Na huyo wakala wa stendi usimpe hata nauli ya daladala. Maombi haya yanajazwa mtandaoni na mwombaji mwenyewe, na mwalimu wako wa sekondari anatosha kabisa kukusaidia kuyajaza.